Tarehe 3 ya Lubumbashi, tarehe 2 ya Kinshasa

Chukua nyumba ya wageni ya kawaida mjini Lubumbashi, vyumba kumi hivi, wateja wake wengi wakiwa watu wa migodi na wafanyabiashara. Mapokezi yako palepale Lubumbashi. Mhasibu yuko Kinshasa. Anayejibu barua pepe na simu za watu wanaotaka vyumba yuko Nairobi. Mteja wa Brussels anaweka chumba kwa usiku tatu, anaingia Ijumaa 3 Aprili 2026 na kutoka Jumatatu tarehe 6. Mapokezi wakifungua mfumo wanaona 3 hadi 6. Mhasibu akifungua mfumo uleule anaona 2 hadi 5, na ankara inatoka hivyo. Idadi ya usiku ni ileile tatu na jumla ya pesa ni sahihi, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, mpaka kampuni ya mteja inakataa kulipa kwa kuwa ankara ina usiku wa tarehe 2, ambao mtu wao alikuwa bado Ulaya.

Hapo hakuna aliyebonyeza vibaya. Kosa limezaliwa siku mfumo ulipotengenezwa, pale mtu alipoamua kwamba kila kitu kinachohusu wakati kinahifadhiwa kwa namna moja.

Kwanza ramani. Kongo yetu ina saa mbili. Kinshasa na magharibi wako saa moja mbele ya UTC, saa ya dunia ambayo saa za nchi zote hupimwa kwayo. Lubumbashi, Goma, Bukavu na mashariki yote wako saa mbili mbele. Katika orodha ya kanda za saa ambayo kompyuta karibu zote hutumia, majina yake ni `Africa/Kinshasa` na `Africa/Lubumbashi`. Goma na Bukavu hawana jina lao, wanatumia la Lubumbashi. Ukivuka kwenda Rwanda, Burundi au Zambia saa haibadiliki. Ukivuka kwenda Uganda, au ukiwa na mtu Nairobi au Dar es Salaam, unaongeza saa moja. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayesogeza saa kwa msimu, na hilo ndilo linalotufanya tulale usingizi: mfumo unaojaribiwa kati ya Lubumbashi na Goma hauwezi kuonyesha kosa lolote.

Tatizo la pili dogo ni la kuchagua. Programu nyingi, ukishataja nchi kuwa Kongo, zinakupa Kinshasa bila kuuliza, kwa sababu ndiyo mji mkuu. Hoteli ya Lubumbashi inaishi hivyo miaka, saa moja nyuma ya saa yake yenyewe ya ukutani. Kwenye Windows jina la Lubumbashi halimo kabisa katika orodha, chagua `(UTC+02:00) Harare, Pretoria`. Usichague Athens wala Cairo kwa sababu tu nazo zimeandikwa +02:00. Hizo zinasogeza saa, na kwa miezi kadhaa ya mwaka utakuwa nje kwa saa nzima.

Turudi kwa mteja wa Brussels. Tarehe ya kuingia imekuwaje 2?

Fomu ya tovuti ilichukua tarehe aliyochagua na kuigeuza kuwa wakati kamili: saa sita usiku, mwanzo wa tarehe 3, kwa saa za kompyuta iliyotumika. Halafu ikaupeleka wakati huo kwenye seva kwa UTC. Mwezi wa ine Brussels iko saa mbili mbele ya UTC, sawa na Lubumbashi, kwa hiyo mwanzo wa tarehe 3 kwake ni saa 22:00 ya tarehe 2 kwa UTC. Ukiwa na Node kwenye kompyuta ya Linux au Mac unaweza kuliona kosa hili kwa mstari mmoja:

```
TZ=Africa/Lubumbashi node -e "console.log(new Date(2026,3,3).toISOString())"
```

Jibu ni `2026-04-02T22:00:00.000Z`. (Ile 3 ya katikati ni Aprili, JavaScript huhesabu miezi kuanzia sifuri, na huo ni mtego mwingine wenye wahanga wake.) Mapokezi wa Lubumbashi wakiufungua wakati huo, kivinjari chao kinaongeza saa mbili, wanapata 00:00 ya tarehe 3, sawasawa. Mhasibu wa Kinshasa kivinjari chake kinaongeza saa moja tu. Anapata saa 23:00 ya tarehe 2, na kwa kuwa ukurasa unaonyesha tarehe bila saa, yeye anaona `02/04/2026` basi. Kama mtengenezaji alikata herufi kumi za kwanza za maandishi hayo ili abaki na tarehe, hata Lubumbashi wangeona 2, na kwa kweli ingekuwa afadhali, maana kosa lingejulikana siku ya kwanza.

Dawa si kurekebisha hesabu ya saa, bali kuacha kuhesabu saa pale ambapo hakuna saa. Usiku wa hoteli ni tarehe ya mahali hoteli ilipo. Mteja awe Brussels, Guangzhou au Kolwezi, usiku wa Ijumaa 3 Aprili katika chumba cha Lubumbashi ni usiku uleule. Hauna saa wala ukanda, na hauhitaji kugeuzwa kwa yeyote. Kwa hiyo uhifadhi kama tarehe tupu, usafiri kama maandishi `2026-04-03` kutoka fomu hadi hifadhidata, na urudi kama maandishi yaleyale. Katika PostgreSQL ni hivi:

```sql
create table nafasi (
  id         bigserial primary key,
  kuingia    date not null,
  kutoka     date not null check (kutoka > kuingia),
  imewekwa   timestamptz not null default now()
);
```

Angalia tofauti ya `date` na `timestamptz`. Kuingia na kutoka ni tarehe. Lakini `imewekwa`, yaani lini mteja alibonyeza kitufe, ni tukio lililotokea mara moja duniani, na hilo ndilo linalohifadhiwa kama wakati kamili. Mhasibu wa Kinshasa anayo haki ya kuliona kwa saa za Kinshasa.

Kwenye JavaScript jihadhari hata wakati wa kuonyesha. Ukiandika `new Date("2026-04-03")` kivinjari kinaichukua kama saa sita usiku ya UTC. Afrika yetu iko mbele ya UTC, kwa hiyo tarehe inabaki 3 na unadhani uko salama. Mteja wa New York, ambaye Aprili yuko saa nne nyuma ya UTC, ataona 2. Maandishi yaliyokuja kama `2026-04-03` yagawe kwenye vistari, upate mwaka, mwezi na siku, uyaonyeshe. Huhitaji kitu chochote kinachojua saa.

Na kama data tayari imeharibika? Dalili ni rahisi: safu ya tarehe za kuingia ina saa zisizo na maana, 22:00 nyingi, 21:00 chache, 16:00 moja moja. Kila saa inakuambia mteja alikuwa wapi. Saa 22:00 ni Lubumbashi, au Brussels wakati wa kiangazi. Saa 23:00 ni Kinshasa, au Brussels wakati wa baridi. Saa 21:00 ni Nairobi, 16:00 ni China. Kuna wanaorekebisha kwa kugeuza vyote kwenda saa za Lubumbashi, na wale wa China wanabaki wamekosewa, kwa sababu 16:00 ya UTC ni 18:00 ya Lubumbashi, bado tarehe 2. Njia inayowafaa wote ni kuongeza saa 12 na kuchukua tarehe ya UTC:

```sql
select ((kuingia_zamani + interval '12 hours')
        at time zone 'UTC')::date from nafasi_zamani;
```

Kila rekodi ilikuwa saa sita usiku ya mahali fulani, na karibu mahali pote pa dunia si zaidi ya saa 12 kutoka UTC, kwa hiyo ukisogeza nusu siku unaangukia ndani ya tarehe iliyokusudiwa. Mipaka yake ni miwili. Visiwa vichache vya Pasifiki, na New Zealand katika kiangazi chake, viko saa 13 mbele, vitakosea. Na njia hii inafanya kazi tu kama kila rekodi kweli ilikuwa saa sita usiku. Kama baadhi ziliandikwa na saa halisi ya kufika, zitenge kwanza.

Nilisema usiku una tarehe moja, lakini kuna mahali watu hubishana kweli: ndege inayotua saa 00:40. Mgeni anafika Jumamosi tarehe 4 kwa kalenda, lakini chumba anachohitaji ni cha usiku wa tarehe 3. Fomu ikimuuliza tu tarehe ya kufika ataandika 4, na atakapotokea kaunta saa saba na nusu usiku chumba chake kitakuwa na mtu mwingine amelala. Fomu nzuri inauliza usiku wa kwanza wa kulala, na ikiona saa ya kutua iko kati ya 00:00 na 06:00 inamrudishia swali. Kwa simu sisi tunayo namna safi ya kulisema, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, na hakuna anayekosea. Mtu wa Nairobi aandike sentensi hiyohiyo kwenye safu ya maelezo, asiandike saa sita usiku ya Ijumaa, maana hapo nusu ya watu wataelewa mwanzo wa Ijumaa na nusu mwisho wake.

Siku ya kutoka nayo haihesabiwi kama usiku. Kuingia 3 na kutoka 6 ni usiku wa 3, wa 4 na wa 5. Hilo kila mwenye hoteli analijua, lakini lisome pia katika faili za kalenda ambazo tovuti za kukodisha vyumba hubadilishana:

```
DTSTART;VALUE=DATE:20260403
DTEND;VALUE=DATE:20260406
```

`VALUE=DATE` inasema hii ni tarehe tupu, na `DTEND` ni siku ya kwanza ambayo chumba kiko wazi, si usiku wa mwisho. Ukiona tovuti moja inafunga chumba usiku mmoja zaidi kila mara, mtu amesoma `DTEND` kama usiku wa mwisho. Ukiona `DTSTART:20260402T220000Z` mahali pa hiyo ya juu, umerudi kwenye ugonjwa wa mwanzo.

Sasa mambo yenye saa kweli. Katika nyumba ya wageni ni machache: mwisho wa kufuta nafasi bila kulipa, simu iliyopangwa, na gari la kwenda uwanja wa ndege wa Luano. Kila moja lina tabia yake.

Mwisho wa kufuta ndio wenye kesi nyingi, kwa sababu una pesa. Ukiandika kwamba mteja anaweza kufuta bure mpaka saa 48 kabla ya kufika, hujasema kufika ni saa ngapi wala saa za wapi. Amua: kuingia chumbani ni saa 14:00 za Lubumbashi, kwa hiyo mwisho ni saa 14:00 za Lubumbashi siku mbili kabla. Kwa mteja wetu ni Jumatano 1 Aprili. Wakati huo huo ni 13:00 Kinshasa, 15:00 Nairobi, 14:00 Brussels, 20:00 Guangzhou na 08:00 New York. Mfumo uhesabu kwa jina la ukanda, usihesabu kwa namba:

```sql
select (kuingia - 2 + time '14:00')
       at time zone 'Africa/Lubumbashi' from nafasi;
```

Kwa Lubumbashi kuandika +2 badala ya jina kungetoa jibu lilelile. Kwa mteja wa Ulaya hapana, na hapa ndipo penye kosa ninaloliona gumu kuliko yote kulikamata. Mteja huyo wa Brussels aliweka chumba mwezi Februari na akaomba apigiwe simu Jumatano 1 Aprili saa 10:00 kwa saa zake, athibitishe mambo ya usafiri. Fomu iliuliza kivinjari chake: uko saa ngapi kutoka UTC? Februari Brussels iko saa moja mbele, kikajibu +1. Mfumo ukaandika 10:00 kwa +1, yaani 09:00 ya UTC, yaani 11:00 ya Lubumbashi. Lakini tarehe 29 Machi 2026 Ubelgiji inasogeza saa mbele. Tarehe 1 Aprili Brussels na Lubumbashi zitakuwa na saa ileile, na 10:00 yake ni 10:00 ya mapokezi. Simu itapigwa saa nzima baada ya muda, na mteja atakuwa ameshaingia kwenye mkutano mwingine.

Namba ya +1 ilikuwa kweli siku ya kuweka nafasi. Haikuwa kweli siku ya simu. Kivinjari kinaweza kutoa jina badala ya namba:

```
Intl.DateTimeFormat().resolvedOptions().timeZone
```

Hiyo inarudisha `Europe/Brussels`. Miadi ya mbele ihifadhi vitu vitatu pamoja: tarehe na saa kama alivyoitamka mteja, jina la ukanda wake, na wakati wa UTC uliohesabiwa kutokana na hivyo viwili. Ule wa UTC ni wa kupanga foleni tu. Nchi ikibadili sheria yake ya saa, unasasisha orodha ya kanda kwenye seva na kuuhesabu upya. Neno la mteja ndilo linalobaki.

Wenye wateja wa Marekani na wa Ulaya pamoja waweke alama kwenye kalenda ya 2026: Marekani inasogeza saa mbele tarehe 8 Machi, Ulaya tarehe 29 Machi. Kurudi nyuma, Ulaya ni 25 Oktoba, Marekani ni 1 Novemba. Katika wiki hizo tatu za Machi na ile moja ya vuli, tofauti kati ya New York na Brussels uliyoizoea si kweli.

Gari la Luano lina ugonjwa wa kinyume: watu hugeuza saa ambayo haikupaswa kuguswa. Saa zote kwenye tiketi ya ndege ni za mahali ndege ilipo wakati huo, kuondoka kwa saa za mji wa kuondoka na kutua kwa saa za mji wa kutua. Tuseme tiketi inaonyesha kuondoka Addis Ababa 10:40 na kutua Lubumbashi 13:20. Ukitoa moja kwa nyingine unapata saa 2 na dakika 40, kumbe safari ni saa 3 na dakika 40, kwa sababu Addis iko saa moja mbele yetu. Ile 13:20 tayari ni ya Lubumbashi. Mtu wa Nairobi akiiandika kwenye kalenda ya pamoja bila kubadili ukanda wa tukio, kalenda inaichukua kuwa 13:20 ya Nairobi, na dereva kwenye simu yake anaona 12:20. Huyo atasubiri saa moja na kununua maji. Mhasibu wa Kinshasa akifanya vilevile dereva ataona 14:20, na hapo anayesubiri ni mgeni, nje, na mizigo. Katika Google Agenda, karibu na sehemu ya saa kuna `Fuseau horaire`. Chagua Lubumbashi kwa kila tukio linalotokea Lubumbashi, haidhuru wewe uko wapi. Na uandike saa ndani ya kichwa cha tukio pia, mfano `Luano 13:20 saa za Lubumbashi`. Kalenda haiwezi kugeuza maandishi ya kichwa, kwa hiyo dereva akiona kichwa kinasema 13:20 na kalenda inasema 12:20, anajua kuna jambo na anapiga simu.

Dereva mwenyewe usimtumie 13:20 peke yake. Kwa mdomo tunasema saa saba na dakika ishirini mchana, lakini Lubumbashi saa ya Kiswahili na saa ya Kifaransa zinatembea pamoja katika sentensi moja. Aliyezoea kuhesabu kwa Kifaransa akiambiwa saa nane anaweza kuelewa saa mbili asubuhi, na kati ya hizo mbili kuna saa sita. Kwa hiyo kwa mdomo saa ya Kiswahili, kwa maandishi tarakimu za saa 24, na ujumbe mmoja uwe na vyote viwili.

Limebaki lile la mafaili. Ofisi ya safari ya mteja inatuma orodha ya wageni katika faili ya CSV yenye tarehe kama `03/04/2026`. Kwetu, kwa desturi ya Kifaransa, ni 3 Aprili. Kompyuta iliyowekwa kwa desturi ya Marekani inasoma 4 Machi. Shida si kwamba inasoma vibaya, shida ni kwamba inasoma vibaya nusu. Ikifika kwenye `25/04/2026` inakuta hakuna mwezi wa 25, inashindwa, inaiacha kama maandishi. Safu moja sasa ina tarehe zilizogeuzwa na tarehe nzima zilizobaki maandishi, na kwa macho zote zinafanana. Ndani ya mwaka mmoja kuna tarehe 132 zinazoweza kugeuka hivi kimyakimya: siku 12 za mwanzo za kila mwezi, kwa miezi 12, ni 144, ukitoa zile 12 kama 04/04 ambazo zinasomeka sawa pande zote.

Utajuaje? Fungua faili katika Excel bila kupanga safu upande wowote. Tarehe za kweli hukaa kulia, maandishi hukaa kushoto. Ukiona safu imegawanyika, na walio kushoto wote wana siku zaidi ya 12, umempata. Kwa Excel ya Kifaransa `=ESTNUM(A2)` inakupa `VRAI` kwa waliogeuzwa na `FAUX` kwa waliobaki. Usijaribu kurekebisha kwa kubadili mwonekano wa seli. Excel haikumbuki tena kwamba 4 Machi ilikuwa imeandikwa 03/04. Funga bila kuhifadhi, rudi kwenye CSV ya asili, fungua safu ikiwa maandishi, kisha `Données`, `Convertir`, na hatua ya tatu chagua `Date` na `JMA`, yaani siku, mwezi, mwaka. Kwenye Google Sheets badili desturi ya faili kabla ya kuingiza chochote: `Fichier`, `Paramètres`, halafu `Paramètres régionaux`. Palepale kuna `Fuseau horaire`, iweke kwenye saa za Lubumbashi, ili hata `AUJOURDHUI()` isibadilike siku saa moja baadaye kuliko saa yenu ya ukutani.

Faili unazotuma wewe ziwe `2026-04-03` siku zote. Excel za desturi zote mbili zinaisoma vizuri, na inajipanga yenyewe kwa mfuatano hata ikiwa maandishi.

Ila mteja usimwandikie hivyo. Ujumbe wake wa kuthibitisha uwe na jina la siku, mwezi kwa herufi na mahali: Ijumaa 3 Aprili 2026, kuingia kuanzia 14:00, saa za Lubumbashi. Kwa Kifaransa `vendredi 3 avril 2026`. Jina la siku si pambo. Tarehe ikigeuzwa kuwa 4 Machi, siku ingekuwa Jumatano, na mteja anayejua anasafiri Ijumaa ataona mara moja. Mfumo uliandike jina la siku kutokana na tarehe iliyohifadhiwa, mtu asiliandike kwa mkono, maana akiliandika kwa mkono litasema anachodhani, na ukaguzi utakuwa umekufa.

Kabla ya kuwafungulia wateja, weka nafasi tatu za majaribio kwa tarehe ileile, moja ukiwa umeweka kompyuta kwenye `Asia/Shanghai`, ya pili `Africa/Lubumbashi`, ya tatu `America/New_York`. Katika Chrome hata huna haja ya kugusa saa ya kompyuta, kwenye zana za watengenezaji kuna sehemu ya `Sensors` ambapo unaweza kubadili mahali na ukanda. Zifungue zote tatu kutoka Kinshasa. Tarehe ya kuingia lazima iwe moja kwenye zote, na mwisho wa kufuta lazima usome 13:00 Kinshasa kwenye zote. Halafu rudia kwa nafasi ya kuingia 31 Machi 2026 iliyowekwa ukiwa kwenye `Europe/Brussels`, ambayo kwa usiku mmoja inavuka mwezi. Mwisho wake wa kufuta unaangukia Jumapili 29 Machi, siku ileile Ulaya inasogeza saa, na unapaswa kusoma 14:00 Lubumbashi na 14:00 Brussels. Ukisoma 13:00 Brussels, kuna mahali mtu ameandika +1.